Theluthi Iliyobaki: Mshahara, Deni na Mtoto katika Ngara na Biharamulo

Wanafunzi wangu wa historia hupenda kuniuliza sheria fulani "ilitungwa lini". Mara nyingi mimi huwarudisha kwenye swali jingine: ilitungwa kwa ajili ya nani? Sheria inayoweka mpaka wa kiasi ambacho mahakama inaweza kukata kutoka katika mshahara wa mtu ni mfano mzuri wa jambo hilo. Leo, katika mahakama za wilaya za Ngara na Biharamulo, anayekutana na mpaka huo mara kwa mara ni mama aliyebeba amri ya matunzo ya mtoto. Hata hivyo, waliouchora mpaka huo hawakumfikiria yeye wala mtoto wake. Waliwafikiria watu wawili tu, karani mwenye deni na mtu aliyemkopesha.

Tuanze pale ulipoanzia. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakujitaabisha kuandika sheria mpya ya mashauri ya madai. Kwa amri ya mwaka 1920 waliichukua ile iliyokuwa ikitumika India, yaani Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1908, na ikatawala mahakama zetu za kiserikali hadi Bunge lilipotunga ya kwetu mwaka 1966. Ndani ya sheria ile ya India kilikuwemo kifungu kilichoorodhesha mali ambazo mdaiwa hanyang'anywi hata akishindwa kesi: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, matandiko, zana za fundi. Katika orodha hiyo hiyo ulikuwemo mshahara, na uligawanywa kwa namna inayostahili kutazamwa polepole.

Ujira wa kibarua na wa mtumishi wa nyumbani ulikingwa wote, hata senti moja isiguswe. Mshahara wa mtumishi wa umma au wa reli ulikingwa kwa ngazi. Kama haukuzidi rupia 20 kwa mwezi, haukuguswa kabisa. Kama ulikuwa kati ya rupia 20 na 40, rupia 20 za kwanza zilikuwa zake na kilichozidi ndicho kilichoweza kukamatwa. Ukizidi 40, nusu ilibaki kwake na nusu iliweza kwenda kwa mdai. Rupia moja wakati ule ilihesabiwa kuwa shilingi mbili, kwa hiyo tunazungumzia shilingi 40 na shilingi 80 kwa mwezi.

Ukiitazama ngazi hiyo utaona kwamba mtunga sheria alikuwa na picha ya karani wa serikali anayekopa kwa mfanyabiashara na kushindwa kulipa. Alitaka mfanyabiashara alipwe, lakini karani asife njaa wala asiache kazi kwa kuona hakuna faida ya kuamka asubuhi. Waingereza wenyewe, kwao, walikuwa wamekwenda mbali zaidi: sheria yao ya 1870 ilikataza kabisa ujira wa mfanyakazi wa kawaida kukamatwa kwa deni. Mtoto hakuwa ametajwa popote katika hesabu hizo. Amri ya matunzo, ikifika katika kifungu hiki, ilihesabiwa kama deni lolote lingine.

Sasa tuilete sheria hiyo katika nchi yetu ya milima ya Bugufi na Busubi, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya wilaya ya Biharamulo. Mtu mwenye mshahara wa kukatwa alikuwa nani? Karani wa boma, tarishi, mwalimu wa misheni, na wachache wengine. Wanaume waliohitaji fedha za kodi waliondoka. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wahangaza na Wasubi, pamoja na majirani zao kutoka Urundi na Ruanda, walikwenda kwa miguu kupitia Karagwe, wakavuka Mto Kagera na kuingia Buganda kulima pamba na kahawa ya watu. Wengine walikaa msimu mmoja, wengine miaka, na wengine waliolewa na nchi ya watu, kama wasemavyo wazee.

Mwanamke aliyeachwa na watoto Bugufi angeweza kwenda kwenye baraza la mtemi kulalamika. Lakini hata kama baraza lingempa haki yake, fedha zenyewe zilikuwa mkononi mwa mkulima wa Kiganda aliyeko ng'ambo ya mpaka, asiye na daftari la mishahara, na anayemlipa kibarua wake kwa mkono na nyingine kwa chakula. Na kama kwa bahati kesi ingefika katika mahakama iliyotumia sheria ya India, ujira wa kibarua ulikuwa umekingwa wote. Ulinzi uliokusudiwa kumwokoa kibarua kutoka kwa mkopeshaji ulimwokoa pia kutoka kwa watoto wake, ingawa sidhani kama kuna ofisa aliyewahi kuliona jambo hilo kwa macho hayo.

Kuhusu wakopeshaji, serikali ya kikoloni ilikuwa na dawa yake. Sheria ya 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilimfanya mfanyabiashara asiye Mwafrika ashindwe kudai mahakamani deni alilomkopesha Mwafrika, isipokuwa mkopo ule uwe umepewa kibali cha maandishi. Kwa maneno mengine, kwa miongo kadhaa mwenyeji wa Biharamulo hakuwa katika hatari kubwa ya kukatwa mshahara kwa deni la duka. Kwanza hakuwa na mshahara, na pili deni lenyewe halikudaiwa. Nasema haya ili msomaji asidhani kwamba makato ya mahakama ni desturi ya kale kwetu. Yalikuwepo katika kitabu muda mrefu kabla ya kuwepo katika maisha.

Uhuru ulileta mambo mawili ambayo hayakuzungumza. La kwanza ni la kazi. Mwaka 1962 Tanganyika iliridhia Mkataba wa 95 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa 1949 unaohusu ulinzi wa mishahara. Kifungu chake cha kumi kinasema mshahara usikamatwe ila kwa namna na kwa mipaka iliyowekwa na sheria ya nchi, na ulindwe kwa kadiri inayohitajika kumtunza mfanyakazi na familia yake. Naomba msomaji ayashike maneno hayo mawili ya mwisho, "familia yake", maana nitayarudia. La pili ni la watoto. Kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, sheria ya mwaka 1949 ya kuthibitisha uzazi iliendelea kutumika, nayo ilikuwa na mpaka wa aina nyingine kabisa: mahakama haikuweza kumwamuru baba alipe zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Mwaka 1949 shilingi 100 zilikuwa fedha ya kuheshimiwa. Shilingi ikaporomoka, bei ya sukari ikapanda, serikali zikabadilika, na kiwango kile kikabaki palepale hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipoifuta sheria ile yote. Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne hii, mwanamke wa Rulenge aliyezaa na mtumishi bila ndoa angeweza kushinda kesi yake kikamilifu na kurudi nyumbani na haki ya kupata bei ya andazi kila mwezi. Hapo mpaka wa mshahara haukuwa na kazi yoyote, kwa sababu mpaka wa matunzo ulikuwa umekwisha kummaliza.

Katikati ya muda huo kulitokea jambo lililoigeuza Ngara kuwa mahali pa mishahara kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo. Kambi ya Benako ikaota kama uyoga, na nyuma yake yakaja mashirika ya misaada na UNHCR. Mashirika hayo yalihitaji madereva, walinzi, wauguzi, wakalimani na watunza stoo, na yalilipa vizuri kiasi kwamba baadhi ya walimu na wauguzi waliacha ajira za serikali. Kijana aliyekuwa analima maharage na kuvuna ndizi akawa na hati ya mshahara, na kwa mahakama mwajiri alikuwa jirani, akiwa na ofisi, mhasibu na muhuri.

Lakini mshahara ule ulikuwa wa mkataba mfupi. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na kazi nyingi zikafuata nyayo zao. Hapa ndipo unapoonekana udhaifu mmoja wa makato ya mahakama ambao hauhusiani na ukubwa wa kiwango. Amri ya kukata inaelekezwa kwa anayelipa. Mwajiri akiondoka, amri inabaki karatasi, na mama anatakiwa kurudi mahakamani kuomba kukazia hukumu kwa njia nyingine: kukamata mali, au kuomba amri mpya kwa mwajiri mpya, kama anamfahamu. Biharamulo ililiona jambo hilo tena kwa sura tofauti katika mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ulioanza uzalishaji mwaka 2005 na kumalizika mikononi mwa mwekezaji wake wa kwanza mwaka 2013 kabla ya kuchukuliwa na shirika la madini la taifa. Uhai wa mgodi huo katika mikono ile ulikuwa mfupi kuliko muda anaoutumia mtoto mmoja kufika kidato cha kwanza.

Anayebaki, basi, ni mtumishi wa umma. Yeye hahami ovyo, mwajiri wake hafilisiki, na mshahara wake hulipwa tarehe inayojulikana. Katika Ngara na Biharamulo, ambako wengi huishi kwa kahawa, migomba, mahindi na mifugo, mwalimu, muuguzi na ofisa mtendaji ndio watu ambao amri ya makato inaweza kuwashika kweli. Sheria ya 2009 inairuhusu mahakama iamuru malipo ya matunzo ya kila mwezi au ya mkupuo, na kipato au mali ya anayewajibika vinaweza kukamatwa akishindwa kulipa. Kiwango hakina tena shilingi 100 zake. Hakimu hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaotegemea kipato hicho, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Tungesema basi kwamba njia imenyooka.

Tumchukue mwalimu mmoja wa kubuni, tumweke katika shule ya msingi karibu na Nyakahura, na tumpe mshahara wa shilingi 700,000 ili hesabu iwe rahisi. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, yaani 35,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 21,000. Chama cha walimu asilimia 2, yaani 14,000. Kodi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, inahesabiwa juu ya 665,000 zilizobaki baada ya pensheni, nayo inakuwa 49,000. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 105,000. Jumla ya hayo ni 224,000, na mkononi zinabaki 476,000.

Sasa inaingia kanuni ambayo kila mtumishi wa serikali anaijua hata kama hajawahi kuisoma: makato yote yasimwache na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Chimbuko lake linarudishwa kwenye sheria ya mwaka 1970 ya kuwakata mishahara watumishi wenye madeni. Theluthi ya 700,000 ni 233,333. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kukatwa ni 242,667. Mwalimu wetu anakwenda benki kukopa fedha za kuezeka nyumba. Benki inazifahamu hesabu hizi kuliko yeye, na inampa mkopo wa rejesho la 240,000 kwa mwezi kwa miaka sita au saba. Sasa anapokea 236,000.

Mwaka unaofuata mama wa mtoto wake anafika mahakamani. Hakimu anasikiliza, anaona mshahara wa 700,000, anaona mtoto mmoja, anaamuru 100,000 kwa mwezi. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kiwango hicho ni cha kuonea. Amri inapelekwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, inashuka kwa ofisa utumishi, naye anafungua hati ya mshahara na kupiga hesabu. Nafasi iliyobaki ni shilingi 2,667. Anaandika barua ya heshima kwamba mtumishi husika amefikia ukomo wa makato.

Mwalimu hakudanganya, benki haikuvunja sheria, ofisa utumishi alifuata waraka, na hakimu aliamua kwa haki. Kilichoamua ni tarehe. Lau amri ya mtoto ingefika kabla ya mkopo, benki ingemkuta mwalimu ana nafasi ya 142,667 tu, nayo ingempa mkopo mdogo zaidi, na bati angezinunua kwa awamu mbili. Foleni ya makato inafuata aliyetangulia kufika, na mtoto, kwa hali yake, hafiki mapema. Mara nyingi hajazaliwa wakati mkopo unasainiwa.

Ninaamini kuna kosa la kisheria katika barua ile, na si dogo. Kanuni za kukazia hukumu tulizozirithi kutoka India zinaeleza utaratibu wa kumwandikia ofisa anayelipa mshahara: azuie kiasi kilichoamriwa, kwa mkupuo au kwa awamu za kila mwezi, na akipeleka malipo kinyume cha amri, mwajiri ndiye atakayedaiwa. Iwapo sehemu inayoweza kukamatwa tayari inazuiwa kwa amri nyingine ya mahakama, ofisa airudishe amri mpya kwa mahakama iliyoitoa, pamoja na maelezo kamili ya ile ya kwanza. Angalia vizuri: kinachoitangulia amri ni amri nyingine. Rejesho la benki si amri ya mahakama. Ni makubaliano ya hiari kati ya watu wawili. Mshahara uliopunguzwa kwa hiari ya mwenyewe haupaswi kuhesabiwa kana kwamba umekwisha kukamatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inayatenga mambo haya mawili. Makato yanayotokana na sheria au amri ya mahakama yamewekwa fungu lake, na yale ya deni ambayo mfanyakazi ameyakubali kwa maandishi yamewekwa jingine. Hata ukomo wa robo ya mshahara uliomo humo unahusu mwajiri anayefidia hasara aliyosababishiwa na mfanyakazi. Haukuwekwa dhidi ya amri ya mahakama.

Wenzetu waliorithi kitabu kile kile hawakukiacha kilivyo. India, mwaka 1976, ilikirekebisha kifungu chake na kuyatenganisha matunzo na madeni mengine. Kwa deni la kawaida, kiasi fulani cha kwanza cha mshahara pamoja na theluthi mbili ya kinachozidi havigusiki. Kwa hukumu ya matunzo, kinachokingwa ni theluthi moja tu. Waingereza, ambao mwaka 1870 walikataza ujira kukamatwa, waliufungua mlango mwaka 1958 kwa ajili ya matunzo pekee, na walipoufungua kwa madeni mengine mwaka 1971 waliyapa matunzo kipaumbele. Wao pia humpa hakimu kazi ya kuweka tarakimu mbili katika kila amri: kiasi cha kukata kwa kawaida, na kiasi ambacho mshahara wa mtu huyo usishuke chini yake, kwa kuzingatia mahitaji yake halisi. Yaani sakafu inawekwa na mahakama baada ya kumsikiliza mtu, na haisubiri waraka wa jumla.

Kuna jambo jingine ambalo waraka wa theluthi hauwezi kuliona. Mwalimu aliyefika ukomo na bado ana shida huenda kwa wale tunaowaita kausha damu. Hawa hawaandiki chochote katika hati ya mshahara. Huchukua kadi ya benki na namba ya siri, na siku mshahara unapoingia wanakuwa wa kwanza mashineni. Theluthi iliyolindwa na serikali kwa ajili ya chakula cha mwalimu na familia yake hulipwa kwa mtu asiye na amri, wakati mwenye amri amerudishwa na barua. Ofisa ustawi wa jamii anayetaka kujua kama mzazi kweli hana kitu asiishie kwenye hati ya mshahara. Aombe taarifa ya benki ya miezi sita. Fedha inayotolewa yote kwa mkupuo mmoja, tarehe ile ile, mbali na kituo cha kazi, humweleza mengi.

Kwa mama aliyepokea barua ya ukomo, shauri halijafungwa. Anaweza kurudi kwa hakimu yule yule akiwa na nakala ya barua na kuomba ofisa anayelipa mshahara aamriwe kutoa mchanganuo wa kila kato, tarehe lilipoanza na litakapokwisha, na kama linatokana na amri au makubaliano. Mara nyingi mchanganuo huo unaonyesha mkopo unaokaribia kuisha. Hapo amri iandikwe ianze mwezi unaofuata rejesho la mwisho, na ipokelewe na halmashauri kabla mwalimu hajarudi benki kuuongeza mkopo. Anaweza pia kuomba mali ikamatwe badala ya mshahara: pikipiki, ng'ombe, au zile bati zenyewe kabla hazijapanda juu ya nyumba, maana nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake imo katika orodha ya vitu visivyokamatwa.

Nilisema nitayarudia maneno ya mkataba wa 1949. Mshahara unalindwa ili umtunze mfanyakazi "na familia yake". Mwalimu wetu wa Nyakahura ana shilingi 236,000 zilizolindwa kwa jina la familia. Mtoto aliyezuiliwa kwa barua ni wa familia hiyo, na fedha anazonyimwa kwa hoja ya ulinzi zimelindwa, kwa maneno ya mkataba tulioridhia wenyewe, kwa ajili yake. Ningependa kuiona hoja hiyo ikiwasilishwa siku moja mbele ya Mahakama Kuu ya Bukoba na wakili aliyejiandaa, akiwa na hati ya mshahara mkononi na hesabu ya shilingi 2,667 imepigiwa mstari.